Ofa mbili za kazi: mshahara mkubwa au kamisheni?

Swali: Nimepata ofa mbili za uafisa mauzo Dar es Salaam. Ya kwanza ni shilingi 1,400,000 kwa mwezi, bima ya afya ya familia na bonasi ya mwisho wa mwaka. Ya pili ni 900,000, kamisheni ya asilimia 3 na kozi watakayonilipia. Wanasema wauzaji wao hufika milioni 2. Nichukue ipi?

Jibu: Ndugu msomaji, zigeuze ofa zote mbili ziwe thamani ya mwaka mzima, ukianza na yale yaliyo ya uhakika tu. Ofa ya kwanza ina mshahara wa 16,800,000, mchango wa mwajiri katika NSSF wa asilimia 10, yaani 1,680,000, na bima, ambayo thamani yake ni kiasi ambacho ungelipa mwenyewe kuipata. Tuchukulie kuwa ni 1,200,000. Jumla ni 19,680,000. Bonasi nimeiacha nje kwa makusudi, kwa sababu mikataba mingi huandika kuwa hutolewa kwa hiari ya mwajiri. Ofa ya pili, kwa hesabu hiyohiyo, ina 10,800,000 na mchango wa 1,080,000, jumla 11,880,000.

Pengo ni 7,800,000 kwa mwaka, sawa na 650,000 kwa mwezi, nalo ndilo ambalo kamisheni inapaswa kuliziba. Kwa asilimia 3, unahitaji kuuza takribani milioni 21.7 kila mwezi ili ofa hizo zilingane, na zaidi kidogo ukizingatia kwamba kamisheni hukatwa kodi ya mapato kama mshahara, ilhali mchango wa mwajiri haukatwi.

Hapa ndipo masharti madogo hubadilisha kila kitu. Ikiwa kamisheni huanza kuhesabiwa baada ya kuvuka lengo la milioni 10, kiwango chako kinapanda hadi milioni 31.7. Ikiwa hulipwa mteja anapolipa, si anapopewa ankara, na wateja hulipa baada ya siku 60, miezi yako ya mwanzo utaishi kwa 900,000. Hiyo milioni 2 inaweza kuwa ya muuzaji mmoja hodari, hivyo uliza muuzaji wa kawaida, aliyekaa mwaka mmoja, alipata kiasi gani katika miezi 6 iliyopita.

Kozi ihesabu kwa tahadhari, kwani mara nyingi huambatana na sharti la kurudisha gharama ukiondoka kabla ya muda fulani. Kuhusu kupanda cheo, ahadi ya mdomo usiipe thamani ya fedha. Uliza ni wauzaji wangapi waliopandishwa ndani ya miaka 3 na ngazi inayofuata inalipwa kiasi gani.

Kwa maoni yangu, ofa ya pili inafaa iwapo tu muuzaji huyo wa kawaida anavuka kiwango chako cha mauzo, na iwapo watakubali kuandika kamisheni ya uhakika kwa miezi 3 ya kwanza. Wakikataa kutaja takwimu hizo, chukua ya kwanza.