Aliyenipigia Alijua Hadi Namba Yangu ya Mtihani

Wiki iliyopita binti mmoja wa mwaka wa kwanza aliniandikia. Amepigiwa simu kwamba amepata ufadhili, na mpigaji anajua majina yake matatu, kozi yake na namba yake ya mtihani wa kidato cha nne. Alipe? Simu kama hiyo ilinifikia nikiwa hosteli, kwa hiyo namjibu hapa wenzake nao wasome.

Aliyenipigia alikuwa mama mwenye sauti ya upole. "Hongera mwanangu, umechaguliwa." Akanisomea namba yangu ya mtihani bila kukosea hata tarakimu moja. Nitume 120,000 ya kufungua faili kabla ya saa kumi na moja, la sivyo nafasi apewe mwingine. Akanisihi nisiwaambie wenzangu chumbani, wataniharibia. Hela ya chakula ninayo kwenye simu, ada ninadaiwa. Nani asingetetemeka?

Nilikwenda kwa mhadhiri wangu.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akafungua kwenye kompyuta orodha ya waliochaguliwa, ile ambayo chuo kilikuwa kimeibandika kwenye tovuti yake. Akaandika jina langu. Likatokea, na pembeni yake namba ya mtihani na kozi. "Yote aliyokuambia yako hapa, na yeyote anaweza kuyasoma. Namba ya simu je, si mmejiunga magrupu ya WhatsApp ya wanafunzi wapya? Sasa mpigie, mwombe kontroo namba."

Nikapiga palepale. Mama akasema mfumo unasumbua, nitume kwenye namba ya mhasibu. Nilipomwambia nitasubiri mfumo utengemae, upole wote ukaisha, akanitukana na kukata. Senti yangu haikutoka, na hadi leo najivunia kwamba niliuliza kwanza.

Wadogo zangu, msishike tu ule usemi kwamba msaada wa kweli hauombi hela. Maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo yenyewe yamekuwa na ada ya 30,000, na mwenye kushika usemi huo atachanganyikiwa. Tazameni hela inakwenda wapi. Malipo ya serikali yana kontroo namba, tarakimu 12 zinazoanza na 99, na kabla hujaweka namba ya siri unaona jina la taasisi inayolipwa. Ukiona jina la mtu binafsi, futa muamala hapohapo. Na anayekukataza kumwambia mtu, huyo ndiye wa kumsema kwanza kwa mhadhiri au mshauri wa wanafunzi.

Binti, wakikutumia ujumbe, usiufute. Utume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, pamoja na namba iliyoutuma. Na kama hela imeshatoka, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako sasa hivi uombe izuiwe. Wakishaitoa kwa wakala, kuirudisha ni vigumu mno.