Kifua kiliuma nikajua ni moyo, kumbe ni gegedu za mbavu

Ilikuwa kama saa tano usiku, niko kitandani nageuka upande wa kushoto, nikasikia kitu kimenichoma kifuani karibu na kidari, nikivuta pumzi ndefu kinachoma tena, nikipumua juu juu kinatulia. Baba yangu mdogo alifariki kwa moyo akiwa na miaka 51, mi nina 43, kwa hiyo msiniulize nilikuwa nawaza nini. Nikamwamsha wife, bajaji, tukaenda.

Kabla sijaendelea niwape historia maana daktari aliing'ang'ania sana hii. Wiki tatu nyuma nilikuwa na mafua yenye kikohozi kile kikavu kinachokukunja hadi machozi. Kikohozi kikaisha, siku mbili hazijapita maji yakakatika mtaani, sisi tunakaa ghorofa ya tatu, nikabeba madumu sita ya lita 20, moja moja kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia nilishika reli ya ngazi. Siku ile hakuna kilichouma, maumivu yamekuja kesho yake usiku, ndo maana sikuyaunganisha kabisa.

Hospitali hawakuanza na mbavu, na hapa naomba tuelewane vizuri. Walianza na moyo. Nikabandikwa waya za kipimo cha umeme wa moyo, wakapima presha, wakachukua damu ya kuangalia troponini, ambayo ni protini inayovuja kwenye damu misuli ya moyo ikiumia. Nikaambiwa nikae masaa matatu nichukuliwe tena, nikamwambia nesi lakini dada si mmeshapima? Akasema troponini inachelewa kupanda, ukipima mapema sana inaweza kuonekana safi wakati moyo ndo unaumia. Eksirei pia ikapigwa, kuangalia mapafu. Vyote vikarudi sawa.

Ndo daktari akaja na kidole. Kidole kimoja tu, ncha yake. Akaanzia chini ya mtulinga, akatafuta kile kinundu kilicho sehemu ya juu ya kidari (jaribu kujipapasa, kipo), akasema hapa ndo inapojishika mbavu ya pili, af akawa anashuka pembeni ya kidari mbavu moja moja, anabonyeza hadi kucha yake inakuwa nyeupe. Ya pili kawaida. Ya tatu nikakunja uso. Ya nne nikaruka! Akaniuliza swali ambalo mi nalichukulia ndo siri ya kipimo chote: "Kaka, hapa panauma tu kwa kuwa nimebonyeza, au haya ndo maumivu yenyewe yaliyokuamsha?" Maana ukimbonyeza mtu yeyote kifuani kwa nguvu atasema panauma, kinachotafutwa ni yale yale yaliyokutoa nyumbani. Yalikuwa yale yale. Akabonyeza na kulia kulinganisha, hamna kitu.

Af akanifanyisha kingine nikacheka japo nilikuwa naumia: nitazame juu darini, yeye akasimama nyuma akanivuta mikono yote miwili kurudi nyuma na juu kidogo, nakaa kama jogoo anayewika, na kweli madaktari wanakiita hivyo hivyo, cha jogoo. Kidari kikatanuka, maumivu yakaja pale pale.

Sasa ni kitu gani. Mbavu haijaungana na kidari mfupa kwa mfupa, katikati kuna gegedu, kile kitu kigumu kinachopinda kama cha sikio. Ndo kinachoruhusu kifua kutanuka ukivuta pumzi. Kikivutwa vutwa na kikohozi, mizigo au mazoezi, kinapata uvimbe wa ndani unaouma, jina lake la kitabuni ni kostokondraitisi, na mara nyingi ni mbavu ya pili hadi ya tano, zaidi ya moja. Wengine hata sababu haipatikani. Kwa nje huoni kitu. Ukiona pamevimba kabisa kama kinundu, hiyo ni ndugu yake, inaitwa ugonjwa wa Tietze, daktari Mjerumani aliyeieleza mwaka 1921, na yenyewe hupenda mbavu ya pili au ya tatu.

Ya moyo inavyokuwa nimeiona kwa mama mkwe mwaka jana, tofauti kabisa. Yeye hakuonyesha kwa kidole, aliweka kiganja chote kifuani, anasema kama kuna mtu amenikalia. Jasho la baridi, kichefuchefu, taya zinamvuta, mkono wa kushoto mzito, ilimuanza akipanda kilima kutoka sokoni. Ukimbonyeza haiongezeki, akigeuka haibadiliki, akivuta pumzi ni ile ile. Na yeye ana sukari, halafu asubuhi yake alikuwa analalamika kiungulia tu, tukampa dawa ya kiungulia. Wenye sukari, wazee na akina mama moyo wao unaweza kulalamika kwa njia za ajabu namna hiyo.

Ndo maana sikubaliani na wale wanaosema jibonyeze, kikiuma basi si moyo, lala. Gegedu na moyo vinaweza kuuma kwa mtu mmoja siku moja. Wachache wenye moyo kweli wanasikia maumivu wakibonyezwa. Mbonyezo unakuambia panapouma ni wapi, haukufutii moyo. Kama ni mara ya kwanza, una zaidi ya miaka 35 au una presha, sukari, au unavuta sigara, kipimo cha umeme wa moyo kwanza, kidole baadaye. Na kuchoma ukivuta pumzi si mbavu peke yake: ukiwa na homa na makohozi inaweza kuwa nimonia, ukiwa na mguu mmoja umevimba au umetoka safari ndefu ya basi halafu pumzi inakata ghafla, inaweza kuwa damu iliyoganda imeenda kwenye mapafu, hiyo usisubiri asubuhi.

Dawa. Mi nina vidonda vya tumbo kwa hiyo sikupewa ibuprofeni, nilipewa parasetamoli na jeli ya diklofenaki ya kupaka, pamoja na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye khanga, dakika 15 mara mbili tatu kwa siku. Huko duka la dawa nilipita kwanza kuuliza "dawa ya kichomi" nikauziwa amoksilini, pesa ya bure, hapa hakuna bakteria wa kuuawa.

Makosa yangu mawili. Wiki ya kwanza nilimwita mzee mmoja anayechua watu, akanikandamiza pale pale panapouma na mafuta ya moto, siku mbili sikuweza kupiga chafya. Wiki ya tatu nikajiona mzima nikapiga pushapu 20, nikarudi mwanzo. Ilichukua karibu wiki tisa kuisha, na daktari alishanionya kuwa ni wiki hadi miezi.

Siku hizi nabeba dumu nusu nusu, mkono huu na huu, majirani wanacheka. Mbavu ya nne bado inanikumbusha nikikohoa sana.