Maswali na majibu: Kupanga sauti nne bila kugongana

Mwalimu shikamoo. Wimbo wetu una do kwenye G na unaishia fa, re, do. Hiyo ni soprano. Alto nimempa la, ti, do. Sauti ya tena ni do, re, mi. Besi fa, so, do. Mpiga kinanda anasema tena na besi zinafuatana. Mimi sioni kosa. (Mwanakwaya, Likoni)

Marahaba. Kordi zako ni sahihi: ya fa, ya so, kisha ya do. Kosa limo kwenye hatua ya kutoka fa kwenda so. Hesabu kutoka besi kwenda tena: fa, so, la, ti, do, yaani umbali wa tano. Kwenye kordi inayofuata besi ni so na tena ni re: so, la, ti, do, re, tano nyingine. Zote mbili zimepanda hatua moja kwa pamoja, zikabaki na umbali uleule. Hizo ndizo tano sambamba. Kila moja ukiiimba peke yake inasikika vizuri, ndiyo maana hukuona kitu.

Dawa ni kubadilishana nota. Kwenye kordi ya fa, mpe tena la (E ya juu kidogo ya C ya kati) na alto do. Besi inapopanda kutoka fa kwenda so, sauti tatu za juu zote zishuke: soprano fa kwenda re, alto do kwenda ti, ambayo ni nusu toni tu, na tena la kwenda so. Hesabu upya. Sasa tano iko kati ya besi na alto, fa na do, ukishapunguza oktava. Lakini hatua inayofuata ni so na ti, tatu. Tano imevunjika. Kordi mbili zinazopakana kwenye skeli, kama hizi za fa na so, ndizo zinazowaponza wengi, na kinga yake karibu kila mara ni hiyo: besi ikipanda, wengine washuke.

Umaliziaji wako nao una dosari ndogo. Alto ikitoka ti kwenda do, inakutana na soprano kwenye nota ileile, na kordi ya mwisho inabaki na do tatu na mi moja. So haipo, kwa hiyo mwisho unasikika mwembamba. Mwache alto ashuke ti kwenda so, na tena ashuke so kwenda mi. Najua umefundishwa kwamba ti lazima ipande do. Kwenye soprano sheria hiyo ishike bila mjadala. Kwenye sauti ya ndani sikio linasamehe, kwa sababu soprano yenyewe inatua kwenye ile do iliyokuwa ikisubiriwa. Besi nayo itoke so ipande do, isishuke, maana wengine wote watatu wanashuka na ikiwafuata wimbo mzima utaporomoka pamoja.

Basi mpangilio ni huu:

Soprano: fa, re, do
Alto: do, ti, so
Tena: la, so, mi
Besi: fa, so, do (inapanda)

Ukitaka kukagua kazi yako mwenyewe, usiisome kordi kwa kordi. Chukua sauti mbili mbili. Katika sauti nne kuna jozi sita. Andika namba ya umbali chini ya kila nota, na utafute mahali ambapo tano inafuatwa na tano, au nane inafuatwa na nane, huku sauti zote mbili zikisogea. Tatu na sita zinaweza kufuatana kwa muda, hazina neno. Nota zikikaa palepale pia si kosa, kwani hakuna kilichosogea.

Lakini nyimbo zetu nyingi za asili zinaimbwa sambamba, na zinapendeza. Kwa nini tuambiwe ni kosa? (Changamwe)

Si kosa la muziki wote. Ni kosa katika mtindo huu mmoja, ambapo kila sauti inatakiwa isikike kama mstari wake. Tano na nane zinapatana mno. Sauti mbili zikisogea pamoja kwa umbali huo, sikio linazichukua kama sauti moja iliyonenepa. Umepanga nne, wasikilizaji wanapata tatu, halafu kordi inayofuata zinarudi kuwa nne. Huko kuingia na kutoka ndiko kunakosikika kama shimo.

Ukipanga wimbo wa asili ambao sauti zinakwenda sambamba toka mwanzo hadi mwisho, ziache hivyo. Hapo hakuna shimo, maana ndiyo sura ya wimbo. Kibaya ni kuchanganya: beti nzima kwa mtindo wa sauti nne huru, kisha tano sambamba mbili zilizopenya kwa bahati mbaya.

Waimbaji wetu wa tena wanakabwa koo ubeti wa tatu. Nishushe wimbo mzima? (Mwalimu wa kwaya, Mikindani)

Usiuguse bado. Tena anaweza kufika G iliyo juu ya C ya kati, ila kufika si sawa na kukaa huko. Angalia nota zake nyingi ziko wapi. Kama ubeti mzima unazunguka D, E na F juu ya C ya kati, watachoka hata bila kugusa G.

Kwa kawaida chanzo ni kubana sauti tatu za juu ndani ya oktava moja. Chukua kordi ya do, do ikiwa G: soprano mi, alto do, tena so. Hakuna nafasi ya kupumua hapo. Ifungue: soprano abaki na mi, alto achukue ile so ya tena, na tena apewe do iliyo oktava moja chini ya ile ya alto. Umeruka nota moja ya kordi kati ya kila sauti, basi. Soprano na alto wasiachane zaidi ya oktava, wala alto na tena. Kati ya tena na besi unaruhusiwa zaidi.

Usifungue katikati ya sentensi ya wimbo, utawarusha watu. Fungua penye pumzi, au kordi ileile inaporudiwa.

Nota ipi niirudie, kordi ina tatu na sauti ni nne?

Ile inayoipa kordi jina, mara nyingi. Ti usiirudie kamwe kwenye kordi ya so: mbili zote zitataka kwenda do, na utapata nane sambamba.

Maneno yetu yanaishia "Mwokozi", na mwisho unasikika kama umekatwa. (Bamburi)

Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho: mwo-KO-zi. Ukiweka kordi ya mwisho kwenye pigo zito na "zi" juu yake, umemlazimisha mwimbaji akaze silabi dhaifu. Weka "ko" kwenye pigo zito pamoja na kordi ya do, kisha "zi" irudie kordi hiyohiyo kwenye pigo jepesi. Kordi ya so ihamie kwenye "mwo". Kama maneno yanaanza mapema zaidi, fa na so zigawane silabi zilizotangulia, moja moja.