Maswali na majibu: Siku ya saba, mtoto atakuwa wapi?

“Shikamoo shangazi. Nina miaka 26, Mkatoliki. Yeye ni Muislamu, tuna miezi minne na tunapendana sana. Dini hatujaizungumza, naona bado mapema. Niseme lini?” (Msichana, Dar es Salaam)

Marahaba mwanangu. Zungumzeni wiki hii, kabla hujapelekwa kwa dada yake na kabla yeye hajahudhuria shughuli ya kwenu. Ukishaanza kuitwa wifi, jambo hili litakuwa la koo mbili, na nafasi ya kuliamua ninyi wawili tu haitarudi.

Wengi huanza na swali la nani atabadili dini. Kwenu huenda hata lisihitajike. Kwa wanazuoni wengi, mwanamume wa Kiislamu anaruhusiwa kuoa Mkristo akabaki na Ukristo wake, na Kanisa Katoliki linaweza kukufungisha ndoa na asiyebatizwa kwa kibali cha askofu, unachokiomba kupitia paroko wako. Ugumu uko kwa mtoto. Ili upate kibali hicho utaahidi kufanya kila uwezalo watoto wabatizwe na walelewe Kikatoliki, na mwenzako ataarifiwa juu ya ahadi hiyo. Upande wake, mtoto wa baba Muislamu ni Muislamu: akizaliwa ataadhiniwa sikioni, na siku ya saba ndugu watataka akika. Mtoto ni mmoja, ahadi ni mbili.

Basi muulize hivi: “Tukipata mtoto, siku ya saba atakuwa wapi?” Kisha nyamaza. Akisema “Mungu ni mmoja” au “tutajua mbele ya safari”, hajakujibu. Muulize tena siku nyingine. Akikwepa mara ya pili, jibu analo ila anaogopa kulitamka asije akakupoteza. Akisema wazi kwamba watoto watakuwa Waislamu, amekutendea haki, hata kama utalala unalia.

Hukuniuliza habari ya mirathi, lakini nakuambia. Mali ya Muislamu ikigawanywa kwa sheria ya Kiislamu, mke asiye Muislamu harithi. Anaweza kukuandikia wasia, nao usizidi theluthi ya mali. Nimekaa na mjane aliyelijua hilo arobaini ya mumewe haijafika, watu bado wako kwenye majamvi. Na ule mpango ninaousikia kila mwezi, wa nikahi Ijumaa na kanisani Jumamosi ili kila upande uridhike, Kanisa Katoliki haliukubali: ndoa haifungwi kwa ibada mbili za dini mbili.

“Nimempenda mtu wa dini nyingine, nifanyeje?” (Wasomaji wanne, wiki moja)

Nimeshaomba mara nyingi: niambieni nani mwanamke na nani mwanamume, dini gani, dhehebu gani. Mkatoliki na Mlutheri hawana njia moja na Mkristo na Muislamu, na binti wa Kiislamu hana ruhusa aliyonayo kaka yake. Andikeni upya.

“Mimi ni Mkristo, mpenzi wangu Muislamu. Tumekubaliana nitasilimu tukishapeleka barua ya posa, ili kwanza wanijue. Kuna ubaya?” (Kijana, Tanga)

Upo, na nimeuona kwa macho yangu, nyumbani kwa binamu yangu. Barua ililetwa jioni, imefungwa kwenye kitambaa cheupe juu ya sinia, na pesa ya kufungulia ikiwa pembeni. Mshenga alikuwa mzee mstaarabu ambaye kijana alimwambia kila kitu kimeshakaa sawa. Kaka wa baba hakuigusa barua. Aliuliza neno moja tu: “Kijana anaswali msikiti upi?” Mzee wa watu akaliangalia sinia, akakosa la kusema. Wakalichukua, wakaondoka nalo fundo la kitambaa halijafunguliwa. Binti alikuwa jikoni na shangazi zake akipanga vikombe. Alikuwa na kijana yule karibu miaka miwili, na siku zote hizo walikuwa wameafikiana, kama ninyi, kwamba atasilimu mambo yakifika mbele.

Kijana alisilimu kweli, miezi kadhaa baadaye. Baba akasema huyu amefuata binti, hakufuata dini, akakataa kuozesha. Na huku pwani, kwa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata wengi, nikahi haifungwi bila walii. Baba akikataa bila sababu ya kisheria, binti anaweza kulifikisha kwa kadhi, naye kadhi anaweza kusimama mahali pake. Lakini kadhi atamsikiliza baba kwanza, na shaka juu ya Uislamu wa mkwe si sababu ndogo. Binti yule hakutaka kufika huko na baba yake.

Kwa hiyo kama dini umeikubali moyoni, isome na silimu sasa, uonekane msikitini muda mrefu kabla ya sinia kubebwa. Wazazi wako wasikie kutoka kinywani mwako, wasisikie kwa jirani. Na kama moyoni hujaikubali, mwambie binti leo. Anayesilimu kwa ajili ya ndoa kisha akarudi kanisani kimyakimya huwaachia watoto mzigo siku akifa: ndugu wa pande mbili wanagombea maiti, huku wanataka sanda, huku wanataka jeneza.

“Tukienda bomani si tunakwepa haya yote?” (Mwanza)

Mnakwepa sherehe. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, aliyetimiza miaka 18 haombi idhini ya mzazi, na mahari isipolipwa ndoa haibatiliki. Lakini notisi ya siku 21 inatangazwa, na mwenye pingamizi anaruhusiwa kulileta, kwa hiyo msidhani ni siri. Mkatoliki aliyefunga bomani tu hapokei Komunyo. Na mtoto atazaliwa vilevile, swali lake likimsubiri.

“Mimi Mluguru, mchumba ni Mchaga. Mama yake anasema hataki kabila letu. Tumuoneshe mapenzi, atazoea?” (Morogoro)

Msisubiri azoee. Mwanawe akae naye amuulize: ni nini hasa unachokiogopa? Mara nyingi nyuma ya kabila kuna jambo lenye jina. Wachaga urithi hufuata baba, na kihamba ndicho makao na makaburi ya ukoo. Waluguru ukoo hufuata mama, na neno la mjomba ni zito. Huenda mama huyo anaona wajukuu wakivutwa Uluguru na mwanawe akikosekana Kilimanjaro kila Desemba. Hayo yanazungumzika: watoto watahesabiwa ukoo gani, Krismasi mtakula wapi, mjomba wako atakuwa na sauti kiasi gani kwenye nyumba yenu. Kubalianeni wawili kwanza, ndipo mwanawe apeleke majibu. Wewe usiende kujitetea kwa mama mkwe. Damu yake ndiyo atakayoisikiliza. Na kama mwanawe huyo anaogopa kukutetea sasa, akiwa hajalipa hata kishika uchumba, liangalie hilo kuliko kabila.

“Nyumbani nimemtambulisha kama mfanyakazi mwenzangu. Ana miezi saba anakuja kula. Nimwambie mama lini?” (Zanzibar)

Mama anajua. Mwambie usiku huu, ukianza na dini yake, kabla ya jina.