Duara, mzingo wake na ukili wa ukingoni: maswali na majibu

Shikamoo mwalimu. Nimedifarenshieti πr² nikapata 2πr, ambayo ni fomula ya mzingo. Ni sadfa tu, au kuna jambo hapo?

Marahaba. Si sadfa. Sahau fomula kwa muda, tushone kitanga, ule mkeka mdogo wa mviringo. Tuseme umeshakishona, nusu kipenyo chake ni r. Sasa unataka kukipanua kidogo, kwa hiyo unachukua ukili mwembamba na kuuzungusha ukingoni mara moja. Eneo lililoongezeka ni eneo la huo ukili, basi. Na ukili uliozunguka ukingo una urefu gani? Urefu wa ukingo wenyewe, yaani mzingo, 2πr. Upana wake ni kile kiasi ambacho nusu kipenyo kimeongezeka.

Kwa hiyo ongezeko la eneo ni kama mzingo mara upana wa ukili. Ligawe kwa upana huo, unabaki na mzingo. Kudifarenshieti eneo kwa nusu kipenyo ni kuuliza swali hilohilo: nikirefusha nusu kipenyo kidogo sana, eneo linaongezeka kwa kasi gani? Jibu ni 2πr kwa sababu duara halina pengine pa kukulia isipokuwa kwenye ukingo wake, na linakua sawasawa pande zote.

Lakini ukingo wa nje wa huo ukili ni mrefu kuliko wa ndani. Huoni unadanganya kidogo ukisema urefu ni 2πr?

Umeona panapostahili kuonwa, na wengi hupapita. Tupige hesabu. Kitanga kina nusu kipenyo cha sentimita 10, na ukili una upana wa milimita moja, yaani sentimita 0.1. Eneo jipya ukitoa la zamani ni π(10.1² − 10²) = 2.01π, kama sentimita za mraba 6.315. Hesabu yangu ya mzingo mara upana inatoa 2π × 10 × 0.1 = 2π, kama 6.283. Tofauti ipo: ni 0.01π, kama 0.031.

Sasa punguza upana mara kumi, uwe 0.01. Ongezeko halisi ni 0.2001π, na la kukadiria ni 0.2π. Tofauti imekuwa 0.0001π. Upana umepungua mara kumi, kosa limepungua mara mia. Ndiyo maana ukigawa ongezeko kwa upana, kosa halifiki mbali: kwa upana wa 0.1 unapata 20.1π, kwa 0.01 unapata 20.01π, kwa 0.001 unapata 20.001π. Thamani zinakimbilia 20π, na huo ndio mzingo wa duara lenye nusu kipenyo cha 10.

Na kama hupendi kukadiria, pima ukili katikati ya upana wake badala ya ukingo wa ndani. Hapo eneo la pete linatoka kamili, bila kosa lolote: upana mara mzingo wa mstari wa katikati. Jaribu kwa 10.05: 2π × 10.05 × 0.1 = 2.01π. Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimebahatika.

Nikitumia kipenyo badala ya nusu kipenyo, eneo ni πd²/4, na nikidifarenshieti napata πd/2. Hiyo ni nusu ya mzingo. Nimekosea wapi?

Hujakosea hesabu. Kipenyo kikirefuka kwa milimita moja, ukingo unasogea nusu milimita tu kila upande, kwa hiyo ukili ulioushona ni mwembamba mara mbili kuliko unavyodhani. Umepata nusu ya mzingo kwa sababu ulipanua nusu tu.

Mbona mraba unakataa? Eneo s² linatoa 2s, wakati mzingo ni 4s. Basi duara lina upendeleo?

Kosa ni lile la msomaji wa kipenyo, limevaa nguo nyingine, na linafundisha kuliko duara lenyewe.

Chukua mraba wa sentimita 20, upanue uwe wa 21. Eneo linatoka 400 hadi 441, ongezeko ni 41. Mzingo ni 80. Ukidhani umeongeza utepe wa sentimita moja kuzunguka mraba mzima, ulitarajia karibu 80, na umeshangaa kupata nusu. Lakini angalia pande zimesogea kiasi gani kutoka katikati. Upande wa kulia umesogea nusu sentimita, wa kushoto nusu, wa juu nusu, wa chini nusu. Utepe una upana wa nusu sentimita. Mzingo mara upana ni 80 × 0.5 = 40. Na ile moja iliyobaki? Iko kwenye pembe nne, ambapo panahitajika viraka vidogo vya 0.5 kwa 0.5, kila kimoja 0.25. Vinne vinatoa 1. Hesabu imefunga.

Kwa hiyo tusitumie urefu wa upande. Tutumie umbali wa kutoka katikati ya mraba hadi katikati ya upande mmoja, tuuite a. Upande mzima ni 2a, eneo ni 4a², na ukidifarenshieti kwa a unapata 8a. Mzingo ni pande nne za 2a, ambazo ni 8a. Mraba umekubali. Vile viraka vya pembeni havisumbui, kwa sababu vinapungua kwa kasi kuliko utepe wenyewe, kama lile kosa la kitanga.

Pembetatu yenye pande sawa na pembesita sawa zinafuata njia hiyohiyo, mradi upime kutoka katikati kwenda upande kwa mstari unaoukata kwa pembe mraba. Kinachotakiwa ni kwamba kipimo kikiongezeka kwa kiasi fulani, kila sehemu ya ukingo isogee nje kwa kiasi hichohicho. Kwa duara, nusu kipenyo kina sifa hiyo bila kutafutwa, na ndiyo maana tunadhani ni upendeleo.

Na kwa tufe je? Ujazo (4/3)πr³ unatoa 4πr², ambalo ni eneo la uso.

Hapa badala ya ukili shika ganda la chungwa. Ganda jembamba lina ujazo ulio karibu sawa na eneo la uso mara unene wake. Gawa kwa unene, unabaki na eneo la uso.

Ila kuwa mwangalifu na neno "jembamba". Tuchukue chungwa lenye nusu kipenyo cha sentimita 4 na ganda nene la nusu sentimita. Ukizidisha eneo la uso wa nje kwa unene unapata 4π × 16 × 0.5 = 32π, kama sentimita za ujazo 100.5. Ujazo halisi wa ganda ni tufe la 4 ukitoa tufe la 3.5, yaani kama 88.5. Tumezidisha kwa 12, si kosa dogo. Ganda hili ni nene mno kwa hesabu ya haraka. Ukipima katikati ya unene, kwenye 3.75, unapata 88.4, karibu kabisa ingawa si kamili kama ilivyokuwa kwa pete.

Linganisha pia na chungwa zima, ambalo ni 268. Ganda la nusu sentimita limechukua theluthi moja ya ujazo! Macho hayaamini, lakini eneo la uso linakua kwa mraba wa nusu kipenyo, kwa hiyo tabaka za nje ndizo zinazobeba mzigo.

Kurudi nyuma nako kunawezekana. Jaza tufe kwa maganda membamba kuanzia katikati hadi r, jumlisha 4πr² zote, yaani uintegreti, na (4/3)πr³ inarudi yenyewe. Anayesahau fomula moja anaweza kuipata kutoka kwa nyenzake.

Nimejaribu kwa pipa. Ujazo wa mcheduara ni πr²h, nikidifarenshieti kwa r napata 2πrh. Ubavu umetoka, lakini kifuniko na kitako vimepotea.

Havikupotea, hukuvigusa. Ulipoongeza r ukaacha h palepale, ulipaka rangi ubavuni tu. Difarenshieti kwa h utapata πr², uso mmoja wa juu, kwa sababu pipa limerefuka upande mmoja.

Ukitaka eneo lote kwa mpigo mmoja, chagua pipa ambalo kimo chake ni sawa na kipenyo, h = 2r. Hapo kutoka katikati hadi kifuniko ni r, hadi kitako ni r, hadi ubavu ni r. Ujazo ni 2πr³, na ukidifarenshieti unapata 6πr²: ubavu 4πr² na nyuso mbili za πr² kila mmoja. Kila kitu kipo.

Ndani ya pipa hilo linaenea tufe lenye r ileile, likigusa juu, chini na ubavu wote. Ujazo wa tufe ni theluthi mbili ya ujazo wa pipa, na eneo la uso wake nalo ni theluthi mbili ya eneo la pipa. Arkimede, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, aliligundua hili zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, kabla ya kalkulasi, akataka tufe na mcheduara vichorwe kaburini kwake. Sisero, mwanasiasa wa Roma ya kale, alilipata kaburi hilo kisiwani Sisilia mwaka 75 KK, limezongwa na vichaka, akalitambua kwa alama hiyo. Kwetu sisi uwiano mmoja unatokana na mwingine: zikiwa (4/3)πr³ na 2πr³ zina uwiano wa theluthi mbili kwa kila r, basi kasi zake za kukua zina uwiano uleule.

Kuna umbo linalokataa kabisa?

Duaradufu. Chukua lenye nusu ya urefu 2b na nusu ya upana b. Eneo ni 2πb², na kudifarenshieti kwa b kunatoa 4πb, kama 12.57b. Mzingo wake halisi ni kama 9.69b. Sababu ni kwamba b ikiongezeka kwa milimita moja, ncha za pembeni zinasogea milimita mbili huku juu na chini vikisogea moja. Ukili una upana usio sawa.

Ukitaka ushone ukili wa upana mmoja kuzunguka duaradufu, unaweza, na kasi ya ongezeko la eneo itakuwa mzingo kamili. Lakini umbo utakalolipata si duaradufu tena.