Kuharisha wiki ya tano

"Naharisha wiki ya tano, mara nne kwa siku, gesi nyingi, nimepungua kilo 3. Kipimo cha choo hakikuonyesha kitu. Ni maziwa?"

— Acha maziwa siku mbili tu, utajua. Mimi niliponea hapo.

— Siku mbili ni chache, mpe wiki mbili. Ila maziwa peke yake kwa kawaida hayapunguzi uzito hivyo. Giardia, kijidudu cha utumbo, hufanya hivyo, na haionekani kwenye choo kila siku, kwa hiyo peleka sampuli tatu za siku tofauti. Hata ikishatibiwa, utumbo unaweza kuyakataa maziwa kwa wiki kadhaa, na watu hudhani dawa imeshindwa.

Andika saa ya kila choo, kama ni maji au uji, damu au kamasi, ulichokula, na dawa zote, hata za tumbo ulizojinunulia. Pima uzito kila wiki. Muhimu kuliko yote, andika kama choo kinakuamsha usiku. Kikikuamsha, au ukiona damu au homa, huenda ni ugonjwa wa utumbo wenyewe. Nenda hospitali sasa, usisubiri daftari lijae.

— Na kama vipimo vyote vitatu ni safi?

— Omba kipimo cha damu, na cha VVU pia.