Anayejisemea akitafuta kosa la hesabu

Swali: "Mwenzangu wa meza ya jirani akikwama kwenye hesabu huanza kuongea peke yake, anajiuliza na kujijibu mwenyewe. Mimi nikikwama hunyamaza kabisa. Kwa nini wengine wako hivyo? Inawasaidia kweli au ni mazoea tu?"

Mimi ni mmoja wa hao wanaojisemea. Kazi yangu ni uhasibu, na mwisho wa mwezi, urari unapokataa kulingana, yaani jumla za pande mbili za vitabu, debiti na krediti, zisipokuwa sawa, wenzangu hunisikia kabla ya kuniona. Inasaidia, ila kwa kazi za namna fulani tu, na njia nzuri ya kulielewa jambo hili ni kuitazama kazi moja kwa karibu ili kuona sauti inaingia mahali gani.

Tuseme jumla ya debiti imeizidi jumla ya krediti kwa 180. Kabla ya kupekua leja nzima, mhasibu huihoji kwanza hiyo tofauti yenyewe. Anaigawa kwa 2, kwa sababu kiasi kilichoandikwa upande usio wake huzaa tofauti iliyo maradufu yake. Kwa hiyo anatafuta kama kuna ingizo la 90. Likikosekana, anaigawa kwa 9, maana tarakimu mbili zinazokaa jirani zikibadilishana nafasi, tofauti inayotokea hugawanyika kwa 9 bila kubaki kitu. Hapa jibu ni 20, na hiyo 20 inamwambia zaidi: ikiwa kosa ni la namna hiyo, tarakimu zilizopishana ni za mamia na makumi, na moja inaizidi nyingine kwa 2.

Mtu aliyekaa karibu nami wakati huo angesikia maneno kama haya: "Mia na themanini. Nusu yake tisini. Tisini ipo? Haipo, basi. Kwa tisa, ishirini. Kwa hiyo natafuta mamia na makumi, zinapishana kwa mbili. Mamia na makumi, kwa mbili." Kile kipande cha mwisho nitakirudia tena na tena huku kidole kikishuka kwenye safu ya krediti, na hapo ndipo penye siri yenyewe. Mwaka 1974 wanasaikolojia Alan Baddeley na Graham Hitch walieleza kwamba kumbukumbu tunayofanyia kazi ina sehemu kadhaa, na mojawapo hushikilia maneno kwa umbo la sauti. Sehemu hiyo ni ndogo, na kilichomo huanza kufifia ndani ya takriban sekunde 2 kisiporudiwa. Kila kiasi kipya ninachokisoma kwenye leja kinagombea nafasi ile ile na sharti ninalolitafuta, kwa hiyo nisipolirudia sharti hilo, nitafika chini ya ukurasa nikiwa nasoma tarakimu bila kujua nazisomea nini.

Utasema, na ni haki yako, kwamba kurudia kunawezekana kimoyomoyo. Ni kweli, na ndivyo wewe unavyofanya unaponyamaza. Lakini usemi wa ndani una tabia ya kujifupisha: unaruka mtenda, unaruka viunganishi, wakati mwingine unabaki neno moja linalobeba wazo zima. Kwa mambo uliyoyazoea, ufupi huo ni mwepesi na wa haraka. Kwa tatizo lenye hatua zinazofuatana unaweza kukuponza, kwa sababu ni rahisi kuhisi kwamba hatua fulani imekwisha ilhali iligusiwa tu. Mdomo hauwezi kutamka sentensi mbili kwa pamoja. Nikijiuliza kwa sauti, "Tisini ipo?", nalazimika kutoa jibu kabla ya kusogea, na likishatoka, mlango huo umefungwa, sirudi nusu saa baadaye kutafuta 90 upya.

Faida nyingine ni ya sikio. Vocha inasema 4,860 na leja imeandikwa 4,680. Jicho lililochoka huzipita namba hizo mbili kana kwamba ni moja, maana tarakimu ni zile zile na umbo linafanana. Zisome kwa sauti: "elfu nne mia nane na sitini" dhidi ya "elfu nne mia sita na themanini". Sikio linashtuka papo hapo. Krediti imepungukiwa 180, na mamia na makumi zinapishana kwa 2 kama ilivyotarajiwa. Ndiyo maana katika kulinganisha vocha na leja mimi sitamki tarakimu moja moja, bali nataja kiasi kizima kizima.

Kwa nini basi wengine hutoa sauti na wengine hawatoi? Katika kitabu chake cha mwaka 1923, Jean Piaget aliyachukulia maneno ya mtoto anayejisemea akicheza kuwa ni alama ya akili ambayo bado haijajifunza kumzingatia msikilizaji, na kwamba hufifia kadiri mtoto anavyokua. Lev Vygotsky, ambaye kazi yake ilichapishwa mwaka 1934, alipinga. Aliona kwamba mtoto akiwekewa kikwazo katika kazi yake, kwa mfano akikosa penseli ya rangi anayoihitaji, maneno hayo huongezeka. Kwa maoni yake, usemi huo haupotei, bali huingia ndani na kuwa fikra za maneno. Mimi naegemea kwa Vygotsky, kwa sababu watu wazima nao hufuata mtindo huo huo: kazi ikiwa nyepesi wako kimya, ikiwa nzito midomo inaanza kucheza. Tofauti kati yako na mwenzako yaweza kuwa ya kiwango tu, yaani ugumu unaomfanya yeye atoe sauti haujafikia bado ule ambao ungekutoa sauti wewe. Vilevile watu hutofautiana sana katika wingi wa maneno yanayopita vichwani mwao, na wapo wanaofikiri zaidi kwa picha. Hilo halina uhusiano na werevu.

Mpaka wake pia unajulikana. Jonathan Schooler na wenzake walionyesha mwaka 1993 kwamba watu walioambiwa waseme wanachofikiri wakati wa kutatua mafumbo ambayo jibu lake huja ghafla walifanya vibaya kuliko walionyamaza, ilhali katika matatizo ya hatua kwa hatua kusema hakukuwadhuru. Mwenzako akihangaika kupanga upya muundo wa jedwali ambalo bado halioni akilini, maneno huenda yakamfunga kwenye njia ile ile mbovu. Dalili yake ni kwamba anarudia sentensi moja bila kuongeza jipya. Anayesonga mbele husikika maneno yake yakibadilika kila baada ya muda mfupi.

Jambo moja linakuhusu wewe moja kwa moja. Maneno ya mtu mwingine huvuruga kumbukumbu ya mfuatano hata usipoyasikiliza, kwa sababu yanaingia katika ile ile sehemu ya sauti. Ukiwa unajumlisha kimoyomoyo naye anataja viasi, wa kupoteza hesabu ni wewe, na si kwamba umakini wako ni dhaifu. Mwombe anong'one, au asogeze midomo tu, maana kwa kushikilia sharti analotafuta hiyo mara nyingi humtosha. Na ukitaka kumwuliza kitu, ngoja ajijibu swali alilojiuliza. Ukimkatiza kabla ya hapo, hatua hiyo ataianza upya, tena kwa sauti.